Mama aliuliza, daktari hakumweleza: Je, huo ni uzembe?

Wazazi wengi wameiona fomu ya ridhaa. Muuguzi huileta dakika chache kabla ya mgonjwa kuingizwa chumba cha upasuaji, ikiwa na maneno madogo madogo na mstari wa kutia sahihi chini. Baba hutia sahihi akiwa amesimama, mama hutia akiwa tayari amelala kitandani. Mambo yakienda vibaya, fomu hiyo ndiyo hutolewa kwanza: "Si mlikubali wenyewe?"

Kisheria, jibu si jepesi hivyo. Mtu anaweza kutia sahihi na bado ikaonekana hakupewa nafasi ya kukubali, kwa kuwa hakuelezwa alichokuwa anakikubali. Daktari naye anaweza kufanya kazi yake kwa ustadi na bado akapatikana na uzembe kwa sababu ya jambo moja ambalo hakulisema.

Kesi iliyolifafanua jambo hili kwa undani zaidi inahusu uzazi. Ilianzia Uskoti mwaka 1999 na kumalizikia Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015. Wanasheria huiita kesi ya Montgomery, jina la mama aliyeifungua, Nadine Montgomery. Kwa mzazi, inaonyesha hatua kwa hatua ni wakati gani ukimya wa daktari unageuka kuwa kosa.

Mama mfupi, mtoto mkubwa

Nadine Montgomery alikuwa na kisukari cha kutumia insulini, na huo ulikuwa ujauzito wake wa kwanza. Kimo chake kilikuwa futi tano na kidogo tu. Alikuwa msomi wa sayansi ya viumbe, na mama yake na dada yake walikuwa madaktari. Hakuwa mtu wa kushindwa kuelewa maelezo.

Mama mwenye kisukari huwa na uwezekano mkubwa wa kupata mtoto mkubwa kuliko kawaida. Sukari iliyozidi kwenye damu ya mama humfikia mtoto, naye hunenepa, hasa mabegani na kifuani. Wakati wa kuzaliwa, kichwa kinaweza kutoka vizuri kisha mabega yakakwama nyuma ya mfupa wa nyonga ya mama. Wakunga huita hali hiyo kukwama kwa mabega, na kwao ni dharura kubwa. Kwa mama mwenye kisukari anayejifungua kwa njia ya kawaida, uwezekano wa hali hiyo kutokea ulielezwa mahakamani kuwa 9 hadi 10 katika kila akina mama 100.

Mara nyingi mabega yakikwama, wahudumu hufanikiwa kumtoa mtoto salama. Humkunja mama miguu hadi karibu na kifua, humbonyeza juu ya mfupa wa kinena, na mtoto hutoka. Baadhi ya akina mama huchanika vibaya au kuvuja damu nyingi. Kwa watoto, madhara makubwa ni nadra. Ushahidi ulionyesha kwamba mabega yakikwama kwa mama mwenye kisukari, mishipa ya fahamu ya mkono wa mtoto huumia kwa takriban watoto 2 katika 1,000. Kubanwa kwa kitovu hadi mtoto akose hewa ya oksijeni na kupata mtindio wa ubongo au kufa hutokea kwa chini ya mtoto 1 katika 1,000.

Kwa hiyo kulikuwa na hatari mbili za kupima, na msomaji afadhali azishike zote mbili, kwa kuwa kesi nzima ilizigeukia. Hatari ya mabega kukwama ilikuwa kubwa, karibu mama mmoja katika kila kumi. Hatari ya mtoto kupata ulemavu wa kudumu ilikuwa ndogo sana.

Alichokijua daktari, alichokisema daktari

Daktari wake alikuwa bingwa wa uzazi mwenye uzoefu. Alizijua hatari zote mbili. Utaratibu wake ulikuwa kumpa mama mwenye kisukari nafasi ya kuchagua upasuaji iwapo makadirio yalionyesha mtoto atafika kilo 4.5. Kwa mama mfupi kama huyu, alikuwa akifanya hivyo kuanzia kilo 4.

Kipimo cha mwisho cha ultrasaundi kilifanyika wiki ya 36. Kutokana nacho, daktari alikadiria kwamba mtoto angekuwa na kilo 3.9 wiki ya 38. Hapo kulikuwa na mambo mawili. Kwanza, makadirio ya ultrasaundi huweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 10, hivyo kilo 3.9 kwenye karatasi inaweza kuwa zaidi kidogo ya 3.5, na inaweza kukaribia 4.3. Pili, uchungu ulipangwa kuanzishwa wiki ya 38 na siku 5, na si wiki ya 38 kamili. Daktari alikiri baadaye kwamba kama angezihesabu siku hizo, makadirio yangevuka kilo 4 na angemweleza mama kuhusu upasuaji.

Mama mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Zaidi ya mara moja alimweleza daktari kwamba anaogopa ukubwa wa mtoto, na kwamba huenda asiweze kupita. Daktari alikubali mahakamani kuwa wasiwasi huo ulitajwa. Hata hivyo, alichomwambia mama ni kwamba ataweza kujifungua kwa njia ya kawaida, na ikitokea shida katikati ya uchungu, atafanyiwa upasuaji. Kuhusu mabega kukwama hakumwambia chochote.

Alipoulizwa kwa nini, jibu lake lilikuwa wazi. Alisema hatari ya mtoto kupata madhara makubwa ilikuwa ndogo mno, na kwamba akiitaja kwa kila mama mwenye kisukari, wengi wangeomba upasuaji, jambo ambalo kwa maoni yake halikuwa na manufaa kwa akina mama hao. Alinyamaza kwa makusudi, akiamini anamlinda mgonjwa wake.

Dakika 12

Tarehe 1 Oktoba 1999 uchungu ulianzishwa kwa dawa. Baada ya saa kadhaa ulisimama, dawa ikaongezwa. Kichwa kilishindwa kushuka chenyewe, daktari akakivuta kwa koleo. Kilipotoka nusu, mabega yakakwama.

Daktari hakuwahi kukutana na hali iliyokwama kiasi hicho. Alijaribu kukirudisha kichwa ndani ili amkimbize mama kwenye upasuaji wa dharura. Alijaribu kukata kiungo cha nyonga ili kupanua njia. Mwishowe, kwa nguvu nyingi, mtoto alitoka. Kati ya kichwa kuonekana na mtoto kuzaliwa zilipita dakika 12, na katika dakika hizo kitovu kilikuwa kimebanwa. Mtoto alizaliwa na kilo 4.25. Alipata mtindio wa ubongo ulioathiri mikono na miguu yote, na mkono mmoja ulipooza kwa sababu ya mishipa iliyoumia.

Mama alifungua kesi. Dai moja lilihusu jinsi uchungu ulivyosimamiwa siku ile, nalo lilikataliwa. Majaji wa mwanzo hawakuona kosa hapo. Lililobaki ni lile la maelezo: kwamba alipaswa kuambiwa kabla, na kama angeambiwa, angechagua upasuaji na mtoto angezaliwa mzima.

Kipimo cha zamani: madaktari wenzake wanasemaje?

Alishindwa mahakama ya kwanza mwaka 2010, akashindwa tena kwenye rufaa mwaka 2013. Majaji hao walikuwa wakifuata kipimo kilichokuwapo kwa miaka mingi.

Kipimo hicho kilitoka kwenye kesi ya Bolam ya mwaka 1957 huko Uingereza, ya mgonjwa aliyevunjika mifupa ya nyonga alipotibiwa kwa mshtuko wa umeme bila kupewa dawa ya kulegeza misuli na bila kuonywa. Mahakama ilisema daktari hana uzembe ikiwa alichofanya kinakubaliwa na kundi la madaktari makini wa fani hiyo, hata kama wengine wangefanya vingine. Kwa maswali ya tiba, kama vile dawa ipi itumike au mshono upi ushonwe, kipimo hicho kina maana, kwa sababu ni maswali ya utaalamu.

Mwaka 1985, katika kesi ya Sidaway, mahakama ya juu ya wakati huo ililetewa swali la maelezo: mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo bila kuambiwa hatari ya kuumia uti wenyewe. Alishindwa. Kwa miaka 30 iliyofuata, mahakama nyingi zilichukulia kwamba kiasi cha maelezo nacho kinapimwa kwa desturi ya madaktari. Daktari akileta mashahidi wenzake waseme "hata sisi tusingemwambia", kesi ilikuwa imekwisha.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Montgomery mwanzoni. Madaktari walifika mahakamani na kusema kutomwambia ni jambo linalokubalika. Mahakama ikaongeza kwamba wasiwasi wa jumla aliouonyesha mama haukuwa swali mahususi kuhusu hatari mahususi, hivyo daktari hakulazimika kulijibu.

Kipimo kipya: mgonjwa huyu angetaka kujua nini?

Tarehe 11 Machi 2015 majaji saba wa Mahakama ya Juu ya Uingereza waliamua kwa kauli moja kwamba mama ameshinda, na kwamba kipimo kile hakifai tena kwa suala la maelezo.

Hoja yao ni rahisi kuifuata. Kujua ukubwa wa hatari ni kazi ya utaalamu. Kuamua kama mtu yuko tayari kuibeba hatari hiyo si utaalamu, kwa sababu kunategemea maisha yake, hofu zake, na vitu anavyovithamini. Daktari hana shahada ya jambo hilo. Kwa hiyo haitoshi kuuliza madaktari wana desturi gani.

Badala yake, daktari anatakiwa kuchukua tahadhari ya kutosha kuhakikisha mgonjwa anajua mambo mawili: hatari zenye uzito za tiba anayoshauriwa, na njia nyingine za busara zilizopo. Hatari ina uzito kwa moja ya sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba mtu wa kawaida aliye katika hali ya mgonjwa huyo angeiona ya maana. Sababu ya pili ni kwamba daktari anajua, au alipaswa kujua, kwamba mgonjwa huyu hasa angeiona ya maana.

Sababu ya pili inastahili mfano. Upasuaji wa goita, lile rovu la shingoni, unaweza kuugusa mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Kwa watu wengi, sauti kubadilika kidogo ni usumbufu tu. Kwa mwimbaji wa taarabu au mwalimu wa madrasa anayesomesha kutwa kwa sauti, hatari hiyohiyo, kwa asilimia ileile, inaweza kuwa mwisho wa riziki. Daktari anayejua kazi ya mgonjwa wake hawezi kusema hatari hiyo haikuwa na uzito.

Ndiyo maana mahakama ilisema uzito haupimwi kwa asilimia peke yake. Hatari ya 1 katika 1,000 inaweza kustahili kutajwa, na hatari kubwa zaidi ya jambo dogo inaweza isistahili. Hutazamwa pia madhara yenyewe ni ya namna gani, yangeyagusa vipi maisha ya mgonjwa, tiba ina faida gani kwake, na kama kuna njia nyingine.

Ilisema pia kwamba maelezo ni mazungumzo. Daktari hatimizi wajibu kwa kummwagia mgonjwa maneno ya kitaalamu asiyoyaelewa, wala kwa kumpa fomu atie sahihi. Fomu ni ushahidi kwamba huenda mazungumzo yalikuwepo. Kama hayakuwepo, sahihi haiwezi kuyaumba.

Kuhusu hoja kwamba mama hakuuliza swali mahususi, majaji waliona ni kinyume cha mambo: asiyejua kuna hatari atauliza vipi kuihusu? Mwenye wasiwasi zaidi na ujuzi mdogo ndiye angenyimwa maelezo zaidi. Jaji mwanamke katika jopo hilo, Lady Hale, aliongeza kwamba mwanamke hapotezi haki ya kujiamulia kwa sababu amebeba mimba, na kwamba njia ya kujifungua ni jambo ambalo mama anaweza kulipima yeye mwenyewe.

Kunyamaza peke yake hakutoshi kushinda kesi

Hapa ndipo madai mengi huanguka. Hata ikithibitika daktari hakusema alichopaswa kusema, mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba ukimya huo ndio ulioleta madhara. Kwa kawaida hiyo ina maana ya kujibu swali moja: kama ungeambiwa, ungeamua vipi?

Ni swali gumu, kwa sababu baada ya msiba kila mtu husema angeamua vingine. Mahakama haichukui neno hilo peke yake. Hutafuta dalili za wakati ule: mgonjwa alikuwa na wasiwasi gani, alisema nini, alikuwa mtu wa kukubali ushauri au wa kuuliza, na njia nyingine ilikuwa na ugumu gani.

Kwa Montgomery, mahakama za chini zilisema hata angeambiwa, asingechagua upasuaji, maana hatari ya madhara makubwa ilikuwa ndogo mno. Mahakama ya Juu iliona kwamba waliuliza kuhusu hatari isiyo yenyewe. Walikazia macho ile ya chini ya 1 katika 1,000, ilhali mama alipaswa kuambiwa kwanza kuhusu ile ya karibu 1 katika 10, yaani mabega kukwama, na jinsi hali hiyo inavyokuwa kwa mama na mtoto hata ikiisha salama. Alipaswa kuambiwa hayo bila kusukumwa upande wowote, pamoja na hatari za upasuaji wenyewe, ambazo kwa mama na mtoto wa hali hiyo zilikuwa ndogo sana.

Ushahidi wa jinsi ambavyo angeamua ulikuwa tayari umetolewa na daktari mwenyewe: alisema wanawake wakiambiwa, wangeomba upasuaji. Sababu aliyoitoa ya kunyamaza ndiyo iliyothibitisha kwamba ukimya wake ulibadilisha matokeo. Fidia ilikuwa pauni milioni 5.25, kwa ajili ya matunzo ya mtoto.

Pale ambapo daktari hana kosa

Wajibu huu una mipaka. Katika dharura, mgonjwa akiwa hajitambui au hali haingoji, daktari hutibu kwanza. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua hasubirishwi kwa mhadhara. Mgonjwa anayesema waziwazi kwamba hataki kusikia habari za hatari, naye hashurutishwi kusikiliza. Na ikiwa kuambiwa kwenyewe kungeidhuru vibaya afya ya mgonjwa, daktari anaweza kujizuia. Lakini mahakama ilionya kwamba mlango huo usitumiwe kwa sababu tu daktari anaogopa mgonjwa atachagua asichokipenda yeye.

Mpaka mwingine uliwekwa mwaka 2023 na mahakama hiyohiyo, katika kesi ya McCulloch, pia ya Uskoti. Mgonjwa wa moyo alifariki, na familia ikadai alipaswa kuambiwa kuhusu dawa fulani za kupunguza uvimbe. Daktari wake alikuwa ameona, kwa utaalamu wake, kwamba hazimfai kwa hali aliyokuwa nayo. Mahakama ilisema kuamua ni tiba zipi zinafaa bado ni kazi ya utaalamu, na hapo kipimo cha Bolam kinabaki. Zikishajulikana zinazofaa, zote zinapaswa kuwekwa mezani mbele ya mgonjwa pamoja na hatari zake. Daktari halazimiki kutaja kila tiba iliyopo duniani.

Na jambo baya kutokea si uthibitisho wa uzembe. Mtu aliyeelezwa hatari, akaielewa, akakubali, kisha ikamfika, ameumia kweli, lakini hakukosewa kwa upande wa maelezo.

Huku kwetu

Hukumu ya London haizifungi mahakama za Nairobi wala Dar es Salaam. Hata hivyo, sheria ya madai ya uzembe ya Kenya na Tanzania ina mizizi yake katika sheria ya kawaida ya Uingereza, kwa hiyo wakili anaweza kuiweka hukumu kama hiyo mbele ya jaji ili kumshawishi.

Kenya imekwenda mbele kwa kuliandika jambo hili katika sheria yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake ya afya, tiba zinazopatikana, na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila moja. Inataka pia aambiwe kwamba ana haki ya kukataa, na akikataa kutatokea nini. Maelezo hayo, pale inapowezekana, yawe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayolingana na kiwango chake cha elimu. Kifungu cha 9 kinakataza huduma kutolewa bila ridhaa iliyotokana na maelezo hayo, isipokuwa katika hali zilizotajwa, mojawapo ikiwa ni dharura ambapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebika.

Sharti la lugha lina uzito kwa familia nyingi. Maelezo yaliyotolewa kwa Kiingereza cha hospitali kwa bibi anayeelewa Kiswahili au Kikamba tu ni shida kumwita mtu aliyeelezwa, hata kama dole gumba lake liko kwenye fomu. Mgonjwa akiwa mtoto mdogo, anayetoa ridhaa kwa kawaida ni mzazi au mlezi, kwa hiyo mzazi ndiye anayepaswa kuelezwa.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi

Kutokana na kesi hizi, mzazi anaweza kuchukua maswali matatu ya kumuuliza daktari. La kwanza: kwa mtu mwenye hali kama yangu, au mtoto mwenye hali kama ya wangu, nini kinaweza kwenda vibaya, na ni kwa wangapi katika mia? La pili: kuna njia gani nyingine, na hiyo nayo ina hatari gani? La tatu: tukisubiri, au tusipofanya kitu, itakuwaje?

Kuna neno moja ambalo halifai kuachwa kwa kuona haya, nalo ni lile linalomhusu mgonjwa hasa. "Daktari, mimi nafanya kazi ya kushona." "Daktari, mtoto wa kwanza alikwama." "Daktari, ninachoogopa zaidi ni hiki." Likishasemwa, daktari hawezi tena kusema hakujua kwamba hatari hiyo ina uzito kwa mtu huyo. Ni vizuri kuomba liandikwe kwenye faili. Mwenza au ndugu akiwepo kusikiliza, kunakuwa na masikio mawili zaidi, na baadaye na shahidi.

Maswali hayo yana nafasi yake kliniki, wiki kadhaa kabla, pale ambapo uamuzi bado unaweza kubadilika. Kwa mama mwenye kisukari, miadi ya wiki ya 36 baada ya kipimo cha ultrasaundi ni wakati mzuri: mtoto anakadiriwa kilo ngapi siku ya kujifungua yenyewe, makadirio hayo yanaweza kukosea kwa kiasi gani, na mabega yakikwama hospitali hii hufanya nini.

Ikiwa madhara yameshatokea na familia inahisi haikuelezwa, hatua ya kwanza ni kuandika mapema, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, nani alisema nini na lini, kisha kuomba nakala za rekodi za matibabu. Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara, au kwa Kenya kwenye baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno. Fidia ni suala la mahakama, na huko muda unahesabiwa. Katika nchi zote mbili, dai la uzembe kwa kawaida lina ukomo wa miaka 3, ingawa kwa aliyeumia akiwa mtoto hesabu huwa tofauti. Kwa hiyo wakili aonwe mapema, na aende akiwa na majibu ya maswali yale mawili ambayo mahakama itayauliza: ni kitu gani hukuambiwa, na kama ungeambiwa, ungeamua nini?